Mifuko 12 Stoo, Risiti za Mifuko 15

Duka la vifaa vya ujenzi lina mifuko 12 ya saruji. Ni saa nne asubuhi na kaunta ina makeshia wawili, kila mmoja na kompyuta yake. Kwa keshia wa kwanza amesimama fundi mwashi anayetaka mifuko 8. Kwa wa pili yuko mama anayejenga uzio, yeye anataka 7. Wote wawili wanalipa, wanapewa risiti na kuzunguka nyuma kwenda godauni kuchukua mzigo. Fundi anatangulia, anapakiwa mifuko yake 8. Mama anapakiwa minne, kisha vijana wanasimama.

"Mama, saruji imekwisha."

"Imekwisha vipi, mwanangu, na pesa mmeshachukua?"

Risiti yake ni halali. Pesa imeingia. Na mwenye duka akifungua programu ya mauzo anakuta jambo la kushangaza zaidi: kompyuta inasema bado kuna mifuko mitano. Katika maduka mengi hapo ndipo mtunza stoo anapoitwa ofisini kueleza mifuko mitano imekwenda wapi. Hajaiba kitu. Mifuko yote 12 imetoka kwa risiti, mmoja baada ya mwingine. Kosa limetokea ndani ya programu, katika muda usiofika hata sekunde moja, na mtu anaweza kukatwa mshahara kwa ajili yake bila yeyote kujua kilichotokea.

Kosa hili haliwapati sana wauzaji ambao mteja hubeba bidhaa mkononi hadi kwa keshia, maana sukari iliyo mkononi mwako haiwezi kuuzwa kwa mwingine. Linawapata wale ambao pesa hulipwa mahali pamoja na mzigo huchukuliwa mahali pengine: maduka ya saruji na mabati, wauzaji wa jumla, maduka ya dawa yenye ghala nyuma, wakata tiketi za basi. Hapo keshia haoni mzigo. Anachokiona ni namba kwenye skrini, na namba hiyo ndiyo inayomruhusu kupokea pesa.

Namba hiyo inakaa kwenye hifadhidata, ndani ya jedwali la bidhaa. Kila bidhaa ina mstari wake: namba ya utambulisho, jina, bei, na idadi iliyobaki. Tuseme saruji ni bidhaa namba 41 na kwenye kisanduku cha idadi pameandikwa 12. Programu nyingi zinazouzwa madukani huuza kwa hatua tatu. Kwanza zinasoma idadi. Pili, zenyewe, nje ya hifadhidata, zinaangalia kama inatosha na kupiga hesabu ya kutoa. Tatu zinaandika jibu. Kwa keshia wa kwanza amri zinakuwa hivi:

```sql
SELECT idadi FROM bidhaa WHERE id = 41;
UPDATE bidhaa SET idadi = 4 WHERE id = 41;
```

Keshia akiwa mmoja hakuna shida. Wakiwa wawili, tazama zinavyopishana. Kompyuta ya kwanza inasoma 12. Kabla haijaandika chochote, ya pili nayo inasoma, na kwa kuwa hakuna kilichobadilika bado, nayo inapata 12. Ya kwanza inasema 8 zinatosha kwenye 12, inatoa, inaandika 4. Ya pili inasema 7 zinatosha kwenye 12, inatoa, inaandika 5. Ile 4 imefutwa. Hakuna onyo jekundu wala ujumbe wa kosa, maana kwa macho ya hifadhidata kila amri ilikuwa sahihi na imetekelezwa kama ilivyoagizwa. Mauzo ya keshia wa kwanza yamo kwenye jedwali la mauzo na risiti yake imechapwa, ila kwenye idadi ya saruji ni kama hayakuwahi kutokea.

Sasa rudi kwenye hesabu ya godauni. Kompyuta inadai mifuko 5 ambayo haipo, na duka linadaiwa mifuko 3 na yule mama. Ukijumlisha unapata 8, yaani kiasi kilekile cha risiti iliyofutwa. Alama hii ni muhimu sana kwa anayetafuta chanzo. Wizi na makosa ya kuhesabu huacha pengo la namba yoyote ile. Uandishi uliofutwa huacha pengo linalolingana kabisa na risiti fulani, na ukitazama muda wa risiti hiyo utakuta nyingine ya bidhaa hiyohiyo, kutoka kompyuta nyingine, iliyokatwa karibu wakati uleule. Kabla ya kumwita mtunza stoo, mwenye duka anatakiwa kuchukua idadi ya mwanzo, kuongeza mapokezi, kutoa jumla ya mauzo kwenye jedwali la mauzo, na kulinganisha na idadi ambayo kompyuta inaonyesha. Katika duka letu hesabu hiyo inatoa 12 kutoa 15, yaani hasi 3, ilhali kisanduku kinasema 5. Kumbukumbu mbili za programu moja zinapingana, na jambo hilo halina uhusiano wowote na mikono ya watu wa godauni.

Huenda mtu akasema uwezekano wa kompyuta mbili kukutana ndani ya sekunde moja ni mdogo. Kwa bidhaa inayouzwa mara moja kwa wiki ni kweli. Lakini kosa hili hufuata bidhaa zinazokimbia na siku zenye watu wengi, yaani huja hasa pale ambapo duka linauza zaidi. Tena kuna programu zinazosoma idadi pale keshia anapofungua ukurasa wa mauzo na kuandika pale anapobonyeza kitufe cha kukamilisha. Hapo katikati mteja anahesabu noti, anauliza bei ya misumari, anapokea simu. Nafasi ya kugongana si milisekunde tena bali dakika nzima.

Wengi wanaojaribu kutibu jambo hili huanza na kile kinachoitwa muamala. Muamala ni fungu la amri zinazofungwa pamoja kati ya `BEGIN` na `COMMIT`, ili zote zikamilike au zote zifutike. Ni kitu cha lazima, maana hutaki risiti iandikwe kisha umeme ukatike kabla idadi haijapunguzwa. Ila muamala peke yake hauzuii kilichotokea kwa mama wa saruji. Katika PostgreSQL, kiwango cha kawaida cha utengano wa miamala ni `READ COMMITTED`, na katika kiwango hicho miamala miwili inaweza kusoma 12 ileile kwa wakati mmoja bila kuzuiana. Programu nyingi zina `BEGIN` na `COMMIT` kila mahali, aliyeziandika anaamini amejikinga, na bado zinauza mifuko isiyokuwepo.

Kinachokosekana ni zamu. Wakati wa daftari zamu ilikuja yenyewe: daftari la stoo lilikuwa moja, na aliyelishika akisoma ndiye aliyeandika kabla ya kumpa mwenzake. Kompyuta iliondoa zamu hiyo kwa kuruhusu kila mmoja asome nakala yake. Kufuli la mstari huirudisha, na huirudisha pale tu inapohitajika.

Hivi ndivyo mauzo yaleyale yanavyoandikwa yakiwa na kufuli:

```sql
BEGIN;
SELECT idadi FROM bidhaa WHERE id = 41 FOR UPDATE;
-- programu inakagua: idadi inatosha?
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 8 WHERE id = 41;
INSERT INTO mauzo (bidhaa_id, kiasi) VALUES (41, 8);
COMMIT;
```

Maneno mawili tu yameongezwa kwenye usomaji, `FOR UPDATE`, lakini yanabadilisha kila kitu. Yanaiambia hifadhidata: nasoma mstari huu nikiwa na nia ya kuubadilisha, basi asipewe mwingine mwenye nia kama yangu mpaka nimalize. Hifadhidata inaweka kufuli kwenye mstari namba 41.

Turudi kaunta. Kompyuta ya kwanza inasoma 12 na kushika kufuli. Sehemu ndogo ya sekunde baadaye kompyuta ya pili inatuma amri ileile ya kusoma. Safari hii haipewi jibu. Inasimama kwenye foleni, na keshia wa pili anaona skrini imetulia kidogo mno kiasi kwamba huenda asitambue. Ya kwanza inakagua, inatoa 8, inaandika mauzo, inatuma `COMMIT`. Kufuli linaachiwa papo hapo. Sasa ya pili inapata jibu lake, na jibu ni 4. Programu inalinganisha 7 na 4, inaona haitoshi, inatuma `ROLLBACK`, na keshia anamwambia mteja: "Mama, iliyobaki ni mifuko minne. Nikupe hiyo, au usubiri gari la kesho?" Mama bado ana pesa yake mkononi. Anaweza kuchukua minne, au kwenda duka la jirani. Hilo ndilo lengo lote la kazi hii: kwamba mazungumzo hayo yafanyike kaunta kabla ya malipo, yasifanyike godauni baada yake.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, kufuli limeshikilia saruji tu. Keshia wa tatu anayeuza mabati hasubiri, kwa sababu mabati ni mstari mwingine. Hata meneja anayefungua ripoti ya saruji kwa `SELECT` ya kawaida hasubiri. PostgreSQL, na MySQL yenye injini ya InnoDB, humpa msomaji wa kawaida toleo la mwisho lililothibitishwa wakati mwandishi bado anafanya kazi. Anayesubiri ni yule tu anayetaka kubadilisha mstari uleule.

Suala hili la kufunga kiasi gani, jedwali zima au mstari mmoja, lilichambuliwa kwa kina na Jim Gray na wenzake katika maabara ya IBM huko San Jose, Kalifonia, katikati ya miaka ya 1970, walipokuwa wakijenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R. Ukifunga jedwali zima, hifadhidata ina kufuli moja tu la kutunza, lakini watu wote wanasubiri. Ukifunga mstari mmoja mmoja, watu wengi wanafanya kazi pamoja, ila kazi ya kutunza makufuli inakua. Gray alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998, na utafiti wake kuhusu miamala ulitajwa katika sababu za tuzo hiyo. Duka lenye makeshia wawili leo linatumia matunda ya kazi ile.

La pili ni kwamba ukaguzi lazima ufuate usomaji wenye kufuli. Kosa ninaloliona la hatari zaidi ni la mtu anayesoma idadi kwa `SELECT` ya kawaida ili kuionyesha kwenye skrini, anakagua kwa namba hiyo, halafu ndipo anaweka `FOR UPDATE` kabla ya kuandika. Kufuli lipo, zamu ipo, lakini uamuzi umeshafanywa kwa namba iliyochacha. Namba inayoonyeshwa kwenye skrini ni ya kumsaidia keshia kuzungumza na mteja. Namba inayoruhusu mauzo ni ile iliyosomwa kufuli likiwa mkononi.

Kwa bidhaa moja kuna njia fupi zaidi, nami naipenda kwa sababu inaacha nafasi ndogo ya kukosea. Unaunganisha ukaguzi na uandishi katika amri moja:

```sql
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 7
WHERE id = 41 AND idadi >= 7;
```

Hii haijaandikwa `FOR UPDATE`, lakini kila `UPDATE` hushika kufuli la mstari inaoubadilisha. Kompyuta ya pili itasubiri kama kawaida, na kufuli likiachiwa, hifadhidata itakagua sharti upya kwa idadi mpya. Nne si kubwa kuliko saba, basi hakuna mstari utakaobadilishwa. Programu inatakiwa kuuliza swali moja tu: mistari mingapi imebadilika? Ikiwa mmoja, uza. Ikiwa sifuri, mzigo hautoshi. Fundi akisahau kuuliza swali hilo, programu itachapa risiti huku idadi haijapungua, na tutakuwa tumerudi tulikotoka kwa mlango mwingine. `FOR UPDATE` ninaiachia mauzo yenye bidhaa kadhaa, au yale ambayo programu lazima iangalie mambo mengine kabla ya kuamua, kama bei ya jumla inayobadilika kuanzia mfuko wa kumi.

Wapo wanaoweka sharti kwenye jedwali lenyewe kwamba idadi isishuke chini ya sifuri, `CHECK (idadi >= 0)`, wakaona kazi imekwisha. Sharti hilo ni zuri na ningeliweka kila mahali. Lakini lipime kwa kisa chetu cha kwanza: idadi ilikuwa 12, ikawa 4, ikawa 5. Haikugusa hasi hata mara moja. Sharti lingetazama yote hayo na kuyapitisha. Linasaidia pale tu programu inapotoa kwa `idadi - 8`, maana hapo mauzo ya pili yangeleta hasi 3 na kukataliwa. Programu inayoandika jibu iliyolihesabu yenyewe inalipita sharti bila kulitambua.

Kufuli nalo lina gharama zake, na kubwa kuliko zote ni muda. Linashikwa mpaka `COMMIT` au `ROLLBACK`, hata kama ni nusu saa. Hapo ndipo malipo ya simu yanapoleta matatizo. Fikiria programu inayoanza muamala, inafunga mstari wa saruji, kisha inatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja na kusubiri aweke namba ya siri. Mteja anatafuta miwani. Salio halitoshi, anampigia mdogo wake amtumie. Wakati huo wote hakuna keshia mwingine anayeweza kuuza hata mfuko mmoja wa saruji. Katika InnoDB wenzake watasubiri sekunde 50, ambao ndio muda uliowekwa tangu kiwandani, kisha watapata kosa namba 1205. Katika PostgreSQL, kama hakuna aliyeweka kikomo kwa `lock_timeout`, watasubiri tu. Makeshia husema "mfumo umeganda", mtu anazima na kuwasha kompyuta, na tatizo linapewa jina la mtandao.

Dawa yake ni kugawa mauzo katika miamala miwili mifupi. Katika wa kwanza unafunga mstari, unakagua, unapunguza idadi, na kuandika kwenye jedwali la akiba kwamba mifuko 8 imewekewa mteja huyu kwa dakika kumi. `COMMIT`. Kufuli limeshikwa kwa milisekunde chache. Kisha ndipo unaomba malipo, bila kufuli lolote mkononi. Pesa ikiingia, muamala wa pili unaigeuza akiba kuwa mauzo. Dakika zikipita bila malipo, kazi inayojiendesha yenyewe inarudisha mifuko kwenye idadi. Ugumu uko kwenye malipo yanayofika dakika ya kumi na moja, wakati mifuko imesharudishwa na pengine imeshauzwa. Programu lazima ifunge mstari wa akiba hiyo, ione kwamba umeisha muda, na ijaribu kuchukua mifuko upya. Ikikosa, mteja arudishiwe pesa yake. Mwenye duka na fundi wakubaliane mapema nani anarudisha pesa na kwa njia gani, kwa sababu siku hiyo itafika.

Jambo jingine hutokea bidhaa zinapokuwa zaidi ya moja kwenye risiti. Keshia wa kwanza ameandika saruji kisha misumari. Wa pili ameandika misumari kisha saruji. Kompyuta ya kwanza inafunga saruji, ya pili inafunga misumari. Sasa ya kwanza inaomba misumari, inasubiri. Ya pili inaomba saruji, inasubiri. Kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake, na wangeweza kubaki hivyo mpaka jioni. Huu ni mkwamo. Hifadhidata nzuri hutambua: PostgreSQL huanza kuchunguza baada ya kusubiri sekunde moja, InnoDB huchunguza papo hapo, kisha muamala mmoja hukatwa kwa nguvu ili mwingine uendelee. Aliyekatwa hupata kosa `40P01` kwenye PostgreSQL au 1213 kwenye MySQL. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu muamala uliokatwa unafutika wote, ila keshia asiyeelewa ataona mauzo yake yamekataliwa bila sababu.

Tiba ni nyepesi kuliko ugonjwa: kila programu ifunge mistari kwa mpangilio mmoja, bila kujali keshia aliandika nini kwanza.

```sql
SELECT id, idadi FROM bidhaa
WHERE id IN (41, 57) ORDER BY id FOR UPDATE;
```

Wote wakianza na 41, atakayekuja wa pili atasimama kwenye 41 akiwa mikono mitupu, hajashika kitu cha mtu. Hata hivyo programu iwe tayari kurudia muamala mzima pale kosa la mkwamo linapotokea, mara mbili tatu, kabla ya kumsumbua keshia.

Kuna mlango ambao mafundi huusahau, nao ni ukurasa wa kurekebisha stoo. Mtunza stoo anafungua ukurasa, anaona saruji 12, anapokea gari lenye mifuko 50, anapiga hesabu kichwani, anaandika 62 na kuhifadhi. Alipokuwa akihesabu mifuko kwenye gari, makeshia waliuza 9. Namba yake 62 imefuta mauzo hayo tisa, na kufuli zote za kaunta hazikuweza kumzuia, kwa kuwa zilikuwa zimeshaachiwa. Ukurasa wa mapokezi umruhusu kuandika "ongeza 50" tu. Kuandika idadi kamili kubaki kwa siku ya kuhesabu mali, mauzo yakiwa yamesimama.

Na umeme ukikatika kwa keshia aliyeshika kufuli? Kama seva inaona muunganisho umekufa, inafuta muamala na kuachia kufuli yenyewe. Lakini kompyuta ikizimika ghafla au waya wa mtandao ukichomoka, huenda seva isijue kwa muda mrefu, na saruji ikabaki imefungwa. Kwa hiyo weka vikomo: katika PostgreSQL, `idle_in_transaction_session_timeout` hukata muunganisho uliofungua muamala ukakaa kimya. Sekunde kumi zinatosha kwa duka, ikiwa ile kanuni ya kutosubiri malipo ndani ya muamala imefuatwa.

Yote haya yanategemea kitu kimoja, kwamba makeshia wote wanaandika kwenye hifadhidata moja. Programu inayoweka nakala kwenye kila kompyuta ili iendelee kuuza mtandao ukikatika, kisha kuoanisha jioni, haina mstari mmoja wa kufunga. Kila keshia ana 12 zake. Hapo kufuli haliwezi kusaidia, na njia ninayoiona salama ni kugawa mzigo mapema: keshia huyu ana ruhusa ya mifuko 6, yule 6, mpaka mtandao urudi. SQLite nayo, inayotumika kwenye programu nyingi ndogo, haina kufuli la mstari kabisa. Mwandishi mmoja huzuia waandishi wengine wa faili zima. Kwa kaunta yenye mauzo machache hilo si tatizo, mradi muamala uanze kwa `BEGIN IMMEDIATE` ili zamu ichukuliwe kabla ya kusoma.

Mwenye duka asiyejua kuandika programu anaweza kuipima aliyouziwa. Mwambie fundi aandae bidhaa ya majaribio yenye idadi 1, kisha makeshia wawili waiandae kwenye skrini zao, wahesabu tatu pamoja na kubonyeza kitufe cha kukamilisha kwa wakati mmoja. Warudie mara nyingi, idadi ikirudishwa kuwa 1 kila mara, maana vidole vya binadamu havikutani ndani ya milisekunde kwa urahisi. Zikitoka risiti mbili hata mara moja, jibu umelipata. Zikitoka moja moja, bado haijathibitishwa, kwa hiyo muombe fundi afanye jaribio la pili ambalo halitegemei bahati. Afungue dirisha mbili za hifadhidata. Katika la kwanza aandike `BEGIN;` na ile `SELECT ... FOR UPDATE` ya bidhaa hiyo, kisha aache hapo bila kumaliza. Sasa keshia ajaribu kuiuza kwenye programu. Skrini yake inatakiwa kusimama. Katika dirisha la kwanza fundi apunguze idadi kuwa 0 na kuandika `COMMIT;`. Programu ya keshia ikiamka na kusema bidhaa imekwisha, inakagua kwa namba iliyosomwa kufuli likiwa mkononi. Ikiamka na kuchapa risiti, ilishaamua kabla ya kusubiri, na fundi ana kazi ya kufanya kabla duka halijafunguliwa Jumatatu.